Rasimu ya hasira na barua inayofaa kusomwa mkutanoni

Hotuba kwa makatibu na wahazini wa vikundi vya akiba vya Mombasa. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Assalamu alaikum, mama zangu, dada zangu, na kaka zangu wachache niwaonao kule nyuma. Karibuni nyote, mliovuka feri kutoka Likoni na mliotoka Kisauni, Changamwe na hapa Mji wa Kale.

Leo tuna barua moja tu ya kushughulikia. Ni barua ya kutunga, ili asiumizwe mtu, lakini kila aliyewahi kushika daftari la kikundi ataitambua. Chukueni kikundi cha kina mama ishirini na wanne. Wana mahema mawili wanayokodisha kwa shughuli. Mwanachama mmoja ameandika barua, ameigawa kwa wenzake, na barua yenyewe ina sentensi tatu. Nazisoma polepole:

"Tangu Januari hatujasomewa hesabu. Mwezi wa Juni mahema yetu yametoka kwa harusi tatu na hatujaona hata shilingi moja. Mwenyekiti na mhazini ni mtu na wifi yake, kwa hiyo tutamuuliza nani?"

Basi. Mhazini akaipata barua hiyo baada ya magharibi, akaketi, akajibu hivi:

"Kwako wewe unayejifanya msomi. Nimeisoma barua yako na nimecheka. Kwanza wewe ni nani wa kuniuliza hesabu, mtu ambaye mchango wako wa Mei hujaulipa? Eti tangu Januari hujasomewa hesabu. Mkutano wa Aprili si uliharibiwa na mvua, au ulitaka niogelee nije kukusomea? Hela za mahema ziko benki, kila mwenye akili anajua. Hiyo harusi ya tatu yalikuwa matanga, lakini wewe matangani hukuja, utajuaje? Umeniita mwizi mbele za watu na Mungu anakuona. Na kuhusu wifi yangu, sema tu una husuda, maana ulitaka cheo ukakikosa. Chama hiki nimekipigania mvua na jua bila malipo. Kama una ushahidi nenda polisi, tutaonana huko. Wenye kuelewa wameelewa."

Mnacheka, na mnacheka kwa sababu ni tamu. Nami sitawaambia msiandike hivyo. Andikeni! Aliyeumizwa akijilazimisha kuandika kwa upole tangu neno la kwanza, hasira haiondoki, hujificha katikati ya maneno ya adabu, na kuitafuta humo baadaye ni kazi kubwa. Iandike yote itoke. Sharti ni moja: iandike mahali ambapo haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya. Andika kwenye daftari, au kwenye simu mahali pa kuhifadhi maandishi, usiandike ndani ya ujumbe ambao jina la mpokeaji limeshakaa juu. Kidole kikiteleza hapo, hata ukifuta, aliyewahi kupiga picha ya skrini anayo.

Kisha ilale. Asubuhi uichukue pamoja na kalamu mbili za rangi tofauti.

Kalamu ya kwanza, tuseme ya buluu, pigia mstari kila sentensi inayompa msomaji habari ambayo hakuwa nayo kuhusu jambo lililoulizwa. Kalamu nyekundu ni ya sentensi zinazomzungumzia mtu: yeye alivyo, wewe ulivyo, nia yake, uchungu wako. Tuifanyie kazi hiyo rasimu yetu. Ukiacha kichwa cha barua, ina sentensi kumi na moja. Za buluu ni ngapi? Ya mvua ya Aprili, ya hela kuwa benki, na ya matanga. Tatu! Nane zilizobaki ni nyekundu. Na hata hizo tatu za buluu zina mkia mwekundu kila moja: "ulitaka niogelee", "kila mwenye akili", "wewe matangani hukuja".

Mmeona hasara yake? Mhazini huyu ana jibu zuri kabisa. Hela ziko benki. Stakabadhi zipo. Tukio la tatu lina maelezo ambayo kila mwanachama atayakubali. Na jibu hilo zuri amelizika chini ya matusi kiasi kwamba msomaji atakayebaki na kitu kichwani atabaki na "una husuda". Hapo ndipo rasimu ya hasira inapomdhuru mwandishi wake kuliko mkosoaji. Mkosoaji ameuliza kuhusu pesa, akajibiwa kuhusu tabia yake, na wenzake ishirini na wawili wanaosoma pembeni wataona kwamba swali la pesa limekwepwa.

Na hao ishirini na wawili, ndugu zangu, ndio unaowaandikia. Barua ina jina la mtu mmoja juu yake, lakini yeye huenda usimbadilishe mawazo kamwe. Wengine bado hawajaamua. Kila sentensi unayotaka kuibakiza, jiulize: hii inamsaidia yule ambaye bado hajaamua?

Sasa weka rasimu kando, urudi kwenye barua ya mkosoaji. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Nakili madai yake kwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, usiyatafsiri kwa maneno yako. Kwa nini? Tazameni. Mhazini ameandika, "Umeniita mwizi mbele za watu." Haya, nionyesheni neno "mwizi" katika zile sentensi tatu. Liko wapi? Halipo. Mkosoaji ameandika "hatujaona hata shilingi moja". Ni sentensi nzito, inauma, na ndani yake kuna shaka, sikatai. Lakini neno "mwizi" limeletwa na mhazini mwenyewe, na sasa yeye ndiye wa kwanza kuliweka kwenye karatasi karibu na jina lake. Mwenye hasira husikia lisilosemwa, akalijibu hilo, na lililosemwa likabaki bila jibu.

Baada ya kunakili, weka kila dai kwenye fungu lake. Kuna dai la kweli, kuna dai lisilo la kweli, na kuna dai ambalo ni la kweli lakini maana aliyolipa ndiyo mnayobishania. Katika barua yetu kila fungu limepata moja.

Dai la hesabu ni la kweli. Tusizungukezunguke. Kanuni ya kikundi hiki inasema hesabu zisomwe kila miezi mitatu. Zilisomwa Januari. Za Aprili hazikusomwa, na Julai imeshafika. Mvua ya masika ilivunja mkutano, sawa, lakini mvua haikumzuia mtu kuchapisha karatasi moja na kuigawa wiki iliyofuata. Sasa dai la kweli hukubaliwa vipi? Hukubaliwa mwanzo, kwa ukubwa wake ule ule, na bila kupachikiwa "lakini". Jaribuni kusikia tofauti. "Ni kweli hesabu zilichelewa kidogo, lakini kila mtu anajua mvua ilikuwa kubwa." Hapo umekubali kitu? Umejitetea tu. "Zilichelewa kidogo" ni kupunguza, maana hazikuchelewa, hazikusomwa kabisa. Na ile "lakini" imefuta yote yaliyotangulia. Sikieni na hii: "Samahani kama umekerwa." Hiyo "kama" inauhamisha ubaya kutoka kwenye hesabu zisizosomwa kwenda kwenye moyo wa mlalamikaji. Na iko nyingine ya kiofisi, "kulitokea ucheleweshaji". Nani alichelewesha? Sentensi imepangwa ili mtu asionekane. Kiswahili kinakupa viambishi viwili vya kubeba mzigo huo, navyo ni "ni" na "si": nilipaswa, sikufanya. Vitumie.

Wengi wenu mnaogopa hapa, najua. Mnasema, nikikubali moja, watanidaka kwa yote. Lakini fikirini mkiwa wasomaji. Mtu anayekana kila kitu, hata kile mlichokiona kwa macho yenu, akisema "hela ziko benki" mtamwamini? Aliyekubali kosa lake la hesabu waziwazi, naye akasema hela ziko benki na stakabadhi hizi hapa, huyo ndiye atakayesikilizwa. Kukubali kwa usahihi ndiko kunakonunua nguvu ya kukana.

Kwa hiyo twende kwenye kukana, maana barua ya adabu haina maana ya barua laini. Dai la mahema si la kweli. Semeni hivyo: "Si kweli kwamba fedha hazikuingia." Msiseme "nadhani huenda kuna kutoelewana kidogo". Hakuna kutoelewana, kuna jambo ambalo si sahihi, na anayelijua kwa ushahidi ana haki ya kulisema kwa sauti kamili. Tofauti ni unakana nini. "Si kweli kwamba fedha hazikuingia" inalikana jambo. "Wewe mwongo" inamhukumu mtu, na inadai kwamba alijua ukweli akaugeuza kwa makusudi. Unaweza kuuthibitisha moyo wake? Huwezi. Stakabadhi unaweza kuzithibitisha. Kaa kwenye kile unachoweza kukionyesha. Na kwa upande wa sheria, Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kujieleza, na hapo hapo inatutaka tuheshimu haki na sifa za wengine. Anayeandika neno "mwizi" au "mwongo" juu ya mwenzake na kuligawa kwa watu anajifungulia kesi ambayo hakuwa nayo.

Kukana kunakamilika kwa vitu vitatu: hesabu, tarehe na karatasi. Mahema yalitoka mara ngapi, yalilipiwa kiasi gani, pesa zikawekwa wapi, na nakala iko wapi. Ukivikosa viwili kati ya hivyo, usiandike bado, nenda kwanza ukavitafute. Kuapa hakujazi pengo. "Wallahi sijala shilingi" huandikwa na asiye na stakabadhi, na msomaji makini anajua hilo.

Dai la tatu, la wifi, ndilo lililomchoma zaidi, na ndilo linalotaka maneno machache zaidi. Ni kweli ni wifi yake. Si tusi, ni udugu. Mkosoaji anachouliza hasa ni nani anayemkagua nani, na hilo ni swali halali kwa kikundi chochote chenye pesa. Jibu lake ni kueleza sahihi za benki ni za nani na uchaguzi ulifanyika vipi, kisha kunyamaza.

Sasa niwaambie jambo letu sisi watu wa pwani, na hapa nazungumza kwa dhati. Sisi tunajua kutukana bila kutukana. Tumelelewa na mafumbo. Leso yenyewe tunaichagua kwa jina lililoandikwa juu yake, na jirani akipita anasoma na anajua amesemwa. Mji huu ni mji wa Muyaka bin Haji, na ushairi wa kujibizana ni urithi wetu tangu enzi zake. Ni sanaa kubwa na ninaipenda. Lakini hadhira ya malumbano humtuza aliyechoma vizuri zaidi, na hadhira ya mhazini inataka kujua shilingi za mahema ziko wapi. Kwa hiyo kijembe kitoke. Chote.

Na vijembe hukaa wapi? "Eti" na "ati" mwanzoni mwa sentensi. "Hivi kweli". "Mtu kama wewe". "Watu fulani". "Wenye kuelewa wameelewa". Hivyo ni rahisi kuviona. Vigumu ni vile vilivyovaa heshima: "Tunakushukuru kwa busara zako nyingi." "Mheshimiwa sana." Heshima ikizidi kipimo mnachotumia mkikutana sokoni, imeshageuka kijembe, na yule aliyeandikiwa atakuwa wa kwanza kuisikia. Mwite vile umwitavyo siku zote. Kama ni Bi fulani, mwite Bi fulani.

Kuna na kijembe cha ukweli. Mchango wa Mei haujalipwa, jambo hilo lipo kwenye daftari. Liingie barua hii? Hapana. Halijibu lolote kati ya yale matatu. Mwanachama mwenye deni bado ana haki ya kusomewa hesabu. Deni lake lidaiwe kwa njia ile ile linavyodaiwa la mwingine yeyote, kwa wakati wake. Mkiliweka hapa, kila mwenye deni atajifunza kwamba akiuliza swali ataaibishwa, na mwaka ujao hakuna atakayeuliza.

Basi tuisome barua iliyoandikwa upya.

"Kwa Bi" na hapo jina lake. "Assalamu alaikum. Nimepokea barua yako ya tarehe 4 Julai. Umeuliza mambo matatu, nami nayajibu kwa mpangilio wako.

"Kuhusu hesabu: ni kweli hazijasomwa tangu Januari. Mkutano wa Aprili uliahirishwa kwa sababu ya mvua, na baada ya hapo nilipaswa kuwapa wanachama hesabu kwa karatasi. Sikufanya hivyo. Nawaomba radhi wanachama wote. Hesabu za Januari hadi Juni zitasomwa katika mkutano wa tarehe 18 Julai, na kila mwanachama atapata nakala.

"Kuhusu mahema: si kweli kwamba fedha hazikuingia. Mwezi wa Juni mahema yalitoka mara tatu. Mara mbili yalikodishwa kwa harusi, shilingi 6,000 kila harusi, na jumla ya shilingi 12,000 ziliwekwa benki. Mara ya tatu yalikwenda kwenye matanga ya mwanachama mwenzetu, na kanuni yetu inasema matanga hatutozi. Nakala za stakabadhi na za karatasi za benki, zenye tarehe, zimeambatanishwa.

"Kuhusu uongozi: mwenyekiti ni wifi yangu. Sote wawili tulichaguliwa kwa kura katika mkutano mkuu. Fedha haitoki benki bila sahihi tatu, na katibu, ambaye ni wa tatu, hana udugu nasi. Mwanachama anayetaka utaratibu huo ubadilishwe ana haki ya kuleta hoja katika mkutano mkuu.

"Kwa kuwa barua yako iligawiwa wanachama, nakuomba, ukishaziona stakabadhi, useme mkutanoni kwamba suala la mahema limejibiwa. Ikiwa kuna malipo mengine unayoyajua, nipe tarehe na jina la aliyelipa kabla ya tarehe 18, nami nitayafuatilia. Mhazini."

Angalieni palipo na ukali. Upo katika "si kweli". Upo katika ombi la kulisema jambo mbele ya watu, kwa kuwa lilisemwa mbele ya watu. Upo katika tarehe ya mwisho. Ile "tutaonana polisi" imeondoka, kwa sababu mhazini hakuwa na mpango wa kwenda polisi, na tishio lisilotekelezwa humfanya mwenye kulitoa aonekane dhaifu. Mahali pake pamekaa jambo analoweza kulitimiza: lete tarehe na jina, nitafuatilia.

Angalieni pia kilichokosekana. Ile "nimekipigania mvua na jua" haipo. Inauma kuitoa, kwa sababu ni kweli na hakuna aliyewahi kumshukuru. Lakini ikiwekwa hapa inasomeka kama madai kwamba aliyefanya kazi ya kujitolea asiulizwe. Anayepaswa kuisema ni mwanachama mwingine, siku ya mkutano.

Kabla ya kuituma, mpe mtu asiyehusika aisome. Asiwe wifi! Akimaliza, mnyang'anye karatasi na umwulize mambo matatu: mkosoaji alisema nini, mwandishi amekubali nini, na anataka nini. Akishindwa moja, sehemu hiyo haijaandikwa sawasawa, rudi uiandike. Na wakati anasoma, mwangalie usoni. Akitabasamu mahali, nenda mahali hapo hapo, kuna kijembe ulichokiacha. Akikunja uso pale pa kukubali kosa, huenda umekubali zaidi ya ulichokosea, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu utakuwa umempa mkosoaji dai ambalo hakulitoa.

Liko na swali ambalo wengi huniuliza: je, kila barua ijibiwe hivi? La. Mtu akidai kwamba karatasi za benki zenyewe zimeghushiwa, mhazini asiandike utetezi wowote. Aandike mistari miwili: kwamba amepokea dai, na kwamba ameliomba kundi liteue mkaguzi ambaye si kiongozi. Barua haiwezi kujikagua. Na mtu akikutishia mwili wako, huyo si mkosoaji tena, hapo polisi ndiyo njia yake, bila majibizano.

Na akijibu tena? Atajibu, mara nyingi hujibu. Jibu la pili liwe fupi kuliko la kwanza, na liguse jambo jipya peke yake. Akirudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi, andika: "Suala la mahema nimelijibu katika barua yangu ya tarehe 8 Julai, na stakabadhi ziko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuziona." Hapo umemaliza, hata akileta ya tatu.

Sasa toeni zile rasimu mlizokuja nazo, na kalamu zenu mbili. Anzeni na ya buluu.